Picha ya Kioo cha Inveta Imepotea: Namna ya Kuandika Namba, Volti na Hali za Taa ili Fundi Aifikie Hitilafu

Ujumbe unaomfikia fundi wa sola mara kwa mara ni huu: "Inveta inalia na imeandika error, picha nilikutumia jana." Picha haifunguki, au imepotea pamoja na simu, au inaonyesha mwanga wa tochi uliorudi kwenye kioo na namba hazisomeki. Mwenye nyumba akiombwa aandike kile anachokiona, huandika tena neno lile lile, error. Neno hilo peke yake laweza kumaanisha betri zilizoishiwa, feni iliyokwama, pasi iliyochomekwa pamoja na pampu, au waya ulioungua, na fundi hawezi kupanda Kibosho au Ngaramtoni na vipuri vya hitilafu zote hizo.

Mwongozo huu unahusu kusoma na kuandika tu. Haufundishi kufungua mashine. Maelezo ya taa na namba yanazihusu inveta zenye taa tatu zilizoandikwa AC/INV, CHG na FAULT, na vitufe vinne: ESC, mshale wa juu, mshale wa chini na ENTER. Umbo hilo linauzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Kama yako ni ya namna nyingine, fuata hatua zile zile, ila maana za namba uzitafute katika kitabu chake, kwa sababu namba ile ile hubeba maana nyingine kwa mtengenezaji mwingine.

## Unachohitaji

Chukua karatasi na kalamu. Simu haitoshi, kwa kuwa utakuwa unabonyeza vitufe huku ukitazama kioo, na kama intaneti ya nyumbani inategemea inveta hiyo hiyo, huenda mtandao ukakatika kabla hujamaliza kuandika.

Chukua pia saa na tochi. Tochi uishike pembeni ya kioo, si mbele yake. Kitabu cha mashine kikiwepo kiweke karibu. Multimita si ya lazima. Itahitajika katika hatua ya 6 tu, na kwa mtu anayejua kuitumia.

Tahadhari kabla ya yote. Ukiona moshi au cheche, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, usiandike chochote. Toa watu ndani, piga simu Zimamoto kwa namba 114, na usimwagie mashine maji. Kumbuka pia kwamba waya za paneli hubaki na umeme muda wote kuna mwanga wa mchana, hata kama inveta imezimwa, na katika mifumo mingi ya sasa umeme huo unazidi volti 200. Usichomoe viungio vya waya hizo kwa mkono.

## Hatua ya 1: Usizime mashine, andika saa na hali

Wengi hukimbilia kuzima na kuwasha. Hilo huweza kuiondoa namba ya hitilafu kwenye kioo, na fundi hubaki bila ushahidi. Kuna sababu ya pili: inveta nyingi za volti 48 zinataka betri ziwe na takriban volti 46 ndipo ziwake upya kwa nguvu ya betri peke yake, ingawa zikishawaka zinaweza kuendelea kufanya kazi chini ya hapo. Ukizima ile iliyokuwa inahangaika kwenye volti 45, unaweza kukaa gizani hadi jua litoke.

Andika saa pamoja na kipindi cha siku: "saa 4:20 asubuhi", si "4:20" tu. Saa ya kwenye mashine, kama ipo, itasema 10:20, na ujumbe unaochanganya mifumo hiyo miwili humfanya fundi adhani paneli zilishindwa kuzalisha mchana, kumbe namba zilisomwa usiku. Kisha andika hali ya anga. Kati ya Juni na Agosti wingu hulala juu ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru asubuhi nzima, na wati 200 chini ya wingu hilo si kitu cha kushangaza. Wati 200 zile zile chini ya jua kali ni dalili ya tatizo.

Malizia kwa kutaja kilichokuwa kimewashwa, na kilichotokea muda mfupi kabla ya mlio kuanza.

## Hatua ya 2: Nakili kibandiko

Ubavuni mwa inveta kuna kibandiko chenye jina la modeli. Kinakili herufi kwa herufi, pamoja na vistari. Ongeza idadi ya betri, aina yake na namna zilivyoungwa: betri nne za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano ni mfumo wa volti 48, na mbili ni mfumo wa volti 24. Bila taarifa hii, volti 25 inaweza kuwa betri iliyojaa au betri iliyokufa.

## Hatua ya 3: Taa na mlio

Itazame kila taa kwa sekunde kumi kamili kabla ya kuandika. Kutazama mara moja kunadanganya, kwa sababu taa inayowaka na kuzimika huonekana kama imezimika kabisa ikiwa umetupa jicho katika nusu sekunde isiyofaa. Kila taa ina hali tatu tu za kuandika: haiwaki, imewaka tuli, au inawaka na kuzimika.

AC/INV ikiwaka tuli, vifaa vya nyumbani vinatumia umeme wa gridi unaopita ndani ya inveta. Ikiwaka na kuzimika, vinatumia betri au paneli. CHG ikiwaka na kuzimika, betri zinachajiwa. Ikiwaka tuli, zimejaa. FAULT, ambayo ni nyekundu, ikiwaka na kuzimika inatoa onyo na mashine bado inafanya kazi; ikiwaka tuli, mashine imekutana na hitilafu na kwa kawaida imekata umeme.

Utaona kwamba tofauti ya "inawaka tuli" na "inawaka na kuzimika" inabeba habari kuliko rangi. Anayeandika "taa nyekundu imewaka" amesema nusu.

Mlio nao uhesabu. Mlio mmoja kila sekunde huambatana na onyo la betri kupungua. Ule wa haraka wa kila nusu sekunde ni onyo la mzigo uliozidi. Milio mitatu kila sekunde huhusu feni iliyokwama. Na mlio usiokatika ni wa hitilafu. Umefaulu katika hatua hii ukiwa na mistari minne, mitatu ya taa na mmoja wa mlio, isiyo na neno "kama" wala "nadhani".

## Hatua ya 4: Namba yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la aina mbili.

La kwanza ni kutoandika kama namba imetulia au inawaka na kuzimika. Inveta hizi zina orodha mbili tofauti, moja ya maonyo na nyingine ya hitilafu, na namba hujirudia katika zote mbili. Onyo huonekana kama namba inayowaka na kuzimika, kwa kawaida pamoja na alama ya pembetatu. Hitilafu huonekana kama namba iliyotulia, na katika nyingi hutanguliwa na herufi F au huambatana na neno ERROR.

Chukua namba 07. Ikiwaka na kuzimika, mzigo umezidi uwezo lakini mashine inavumilia, na ukizima pasi hali itarudi kuwa ya kawaida. Ikitulia, uvumilivu umekwisha na mashine imekata. Namba 04 nayo: ikiwaka na kuzimika ni onyo kwamba betri zinaelekea kuisha, ikitulia, volti ya betri imeshuka mno. Namba 02 inahusu joto kupita kiasi katika orodha zote mbili.

Kosa la pili ni kusoma umbo vibaya. Tarakimu za kioo hiki zimejengwa kwa vijistari saba, na kijistari kimoja kikififia, 8 huonekana kama 6, 9 au 0. Kati ya hitilafu 06 na 08 kuna umbali mkubwa: ya kwanza inasema volti inayotoka kwenda nyumbani imepanda mno, na ya pili inasema volti ya njia kuu ya ndani ya mashine ndiyo iliyopanda. Ukiwa na shaka, usichague, eleza umbo: "tarakimu ya pili ni 8, ila kijistari cha juu kulia ni hafifu." Vilevile maandishi yanayofanana na 6P ni herufi mbili, bP, na yanamaanisha kwamba inveta haioni betri, sababu inaweza kuwa fyuzi ya betri iliyokatika au breka ya betri iliyoshuka.

Namba zikiwa mbili zinazopokezana, andika zote kwa mpangilio zinavyotokea.

## Hatua ya 5: Volti, moja baada ya nyingine

Bonyeza mshale wa chini mara moja na usubiri. Kioo kitahamia kwenye kipimo kingine. Endelea hivyo hadi urudi ulipoanzia. Usishikilie ENTER: ukiibana kwa takriban sekunde tatu utaingia kwenye mipangilio, na kubadilisha mpangilio bila kujua ni kuongeza hitilafu ya pili juu ya ya kwanza. Ikitokea umeingia humo, bonyeza ESC utoke.

Kwa kila kipimo andika kwanza neno lililo karibu na tarakimu, kisha tarakimu, kisha kipimo chake. "BATT 45.2 V" inaeleweka, "452" haieleweki. Nukta hupotea kirahisi wakati wa kuandika haraka, na herufi V na W hubadilishana nafasi kirahisi zaidi. Vipimo vinavyohitajika hasa ni vitano: INPUT, yaani umeme wa gridi unaoingia, PV, yaani paneli, kwa volti, PV kwa wati, BATT, yaani betri, na LOAD, yaani mzigo, kwa wati au asilimia. OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda nyumbani, uiongeze ikiwa taa za nyumba zinafifia.

Tarakimu isipotulia, usiandike ile uliyoikuta wala usipige wastani. Andika mwisho wake wa chini, mwisho wake wa juu, na inachukua muda gani kwenda na kurudi. Mara nyingi mchezo huo wa tarakimu ndio jibu lenyewe, kama itakavyoonekana katika mfano hapa chini.

Sasa zima vifaa vikubwa, yaani friji, pampu na pasi, subiri dakika kumi, na uandike BATT na LOAD tena. Betri iliyo chini ya mzigo husoma chini kuliko hali yake halisi. Volti ikipanda sana mara tu mzigo unapoondolewa, ilhali mzigo ulikuwa mdogo, fundi ataanza kushuku betri iliyochoka au muunganisho uliolegea. Ikibaki karibu pale pale, betri zina chaji ndogo tu. Kwa betri za lithiamu kipimo hiki kina mipaka, kwa kuwa volti yake hubadilika kidogo sana katikati ya kujaa na kuisha. Asilimia inayoonyeshwa na betri yenyewe iandikwe pia.

## Hatua ya 6: Betri moja moja, kwa mwenye multimita

Hatua hii ni kwa betri za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Vua pete na saa ya chuma. Weka multimita kwenye volti za DC na upime kila betri kati ya ncha zake mbili, kisha uziandike kwa nafasi zake kuanzia kushoto. Jumla yake ikaribiane na BATT ya kwenye kioo. Betri moja ikiwa chini mbali na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa. Zote zikiwa chini kwa usawa, huenda tatizo liko kwa kinachopaswa kuzichaji. Ncha za paneli na za umeme wa gridi usizipime.

## Mfano: nyumba ya Kibosho

Mama mmoja mwenye nyumba Kibosho alikuwa amemtumia fundi wake wa Moshi mjini picha ambayo haikufunguka. Asubuhi yake akaandika hivi:

> Habari za asubuhi, fundi. Picha imegoma, naandika.
> Saa 4:20 asubuhi, jua kali, hakuna wingu. Betri 4 za gel, volti 12, kwa mfuatano. Paneli 6 kwa mfuatano. Kimewashwa: friji, ruta, taa mbili.
> AC/INV inawaka na kuzimika. CHG inawaka kidogo kisha inakaa kimya. FAULT inawaka na kuzimika. Mlio mmoja kila sekunde.
> Namba 04, inawaka na kuzimika, ina pembetatu.
> INPUT 158 V. BATT 45.2 V. LOAD 310 W.
> PV haitulii: 288 V, inashuka hadi 110 V, inarudi 288 V, kama kila sekunde nne. PV wati kati ya 0 na 85.
> Nilipozima friji, baada ya dakika kumi BATT 46.1 V.
> Betri kwa multimita kabla sijazima friji, kutoka kushoto: 11.3, 11.3, 11.2, 11.4.

Fundi akajibu: "Shikamoo mama. Usiizime kwanza, nasoma."

Onyo 04 pamoja na BATT 45.2 vilimwambia kwamba betri zina chaji ndogo, na vipimo vinne vinavyokaribiana vikaondoa shaka ya betri moja kufa. Jumla yake ni 45.2, sawa na kioo, kwa hiyo hapakuwa na volti inayopotea kati ya betri na inveta. Swali likawa moja: kwa nini hazichajiwi saa nne asubuhi chini ya jua kali?

Mstari wa PV ndio uliojibu. Kama breka ya paneli ingekuwa imeshuka, PV ingesoma sifuri au karibu na hapo. Kama paneli moja ingekuwa imetoka kwenye hesabu, volti ingekuwa pungufu lakini imetulia. Kama lingekuwa wingu, wati zingekuwa chache ilhali volti ikibaki juu. Lakini 288 ni volti ya paneli sita zisizobebeshwa kitu, takriban 48 kila moja, na anguko hadi 110 lilitokea kila mara inveta ilipojaribu kuvuta umeme. Mashine hiyo huchaji kutoka paneli kati ya volti 120 na 450; ikishuka chini ya hapo inaachia, volti inapanda, inajaribu tena. Hiyo ndiyo tabia ya kiungio kinachozuia mkondo: kikiwa hakipitishi kitu volti inaonekana nzima, kikibebeshwa inaanguka. Na kwa kuwa paneli zimeungwa kwa mfuatano, kiungio kimoja kibovu kinazinyima zote sita.

Fundi akamwomba atazame breka ya paneli bila kuigusa. Akaandika: "Upande wa kushoto, pale waya unapoingia, plastiki imekuwa ya kahawia, ukubwa wa punje ya mahindi." Fundi alimkataza kuigusa, akamwambia asiiache nyumba bila mtu na apige 114 akiona moshi, akapanda saa ile ile akiwa na breka mpya. Alizifunika paneli kwa turubai kabla ya kufungua kitu. Skrubu ilikuwa imelegea, na breka yenyewe ilikuwa ya umeme wa AC, ambayo haijaundwa kukata cheche ya DC ya volti karibu 300.

Saa 7 mchana kioo kilisoma PV 234 V iliyotulia, PV 1640 W, BATT 52.6 V na inapanda. CHG ilikuwa inawaka na kuzimika bila kukaa kimya, na FAULT ilikuwa imezimika.

Ulibaki mstari mmoja katika ujumbe wa mama: INPUT 158 V huku AC/INV ikiwaka na kuzimika. Umeme wa gridi ulikuwepo lakini inveta ilikuwa inaukataa, na ndiyo maana betri hazikupata msaada usiku. Mpangilio namba 03 wa mashine hiyo ulikuwa kwenye UPS, unaopokea volti 170 hadi 280 tu. Kuuhamishia kwenye APL, unaoanzia volti 90, ni kazi ya nusu dakika, lakini volti hiyo ndogo ingepita moja kwa moja hadi kwenye friji, na mota ya friji huumia kwa umeme hafifu. Fundi aliuacha kama ulivyo. Badala yake alimwomba mama aandike INPUT kwa wiki moja, asubuhi, mchana na saa 2 usiku, mara moja vifaa vikiwa vimewashwa na mara moja vikiwa vimezimwa. Mzigo ukiwa kwenye gridi na volti ikishuka pale tu vifaa vinapowashwa, waya unaoingia nyumbani na viungio vyake ndivyo vitakavyokaguliwa kwanza. Ikibaki chini hata vyote vikiwa vimezimwa, tatizo liko kwenye laini ya nje, na karatasi hiyo yenye tarehe na saa ndiyo atakayoiambatanisha na taarifa kwa wenye laini.